Katoni 240 kwenye Hati, 232 Sakafuni: Jinsi Nilivyomwandikia Msambazaji

Miaka ya mwanzo ya kazi yangu ya stoo niliwahi kumwandikia msambazaji barua pepe ya mistari miwili: mzigo umekuja pungufu, mwingine umeharibika, naomba mturekebishie. Nilidhani nimetimiza wajibu wangu. Baada ya siku chache watu wa mauzo wa upande ule walituma bidhaa za kufidia, na wiki iliyofuata mhasibu wao, ambaye hakuwa na habari na walichofanya wenzake, akatoa hati ya kupunguza deni, ile ambayo wengi wetu tunaiita kredinoti, kwa bidhaa zilezile. Ilituchukua karibu miezi miwili kukubaliana nani anamdai nani, na chanzo cha yote kilikuwa sentensi yangu iliyoomba marekebisho bila kusema ni marekebisho gani, ya kitu gani, na kwa idadi ipi.

Tangu hapo nimekuwa nikiandika barua hizi kwa kanuni moja: kila kipande kilichokosekana au kilichoharibika kiwe na sababu yake na ombi lake moja tu, ama kiletwe kingine, ama kipunguzwe kwenye deni. Nitaeleza kwa mzigo mmoja ambao ulikuwa na karibu kila aina ya tatizo ambalo mpokea bidhaa hukutana nalo.

Oda yetu ilikuwa ya katoni 240 za sabuni ya maji, kila katoni ikiwa na chupa 12 za lita moja, yaani chupa 2,880. Hati ya mzigo aliyokuja nayo dereva ilisema katoni 240. Mzigo ulikuwa umepangwa kwenye paleti 4, kila moja ikiwa na safu 5 za katoni 12, tatu kwa nne, huku kila safu ikitenganishwa na inayofuata kwa karatasi ngumu, na paleti nzima ikiwa imezungushiwa nailoni. Ukisimama pembeni na kuhesabu kwa macho, unapata 60 mara 4, na hesabu inakubali.

Kuhesabu kwa macho namna hiyo kuna kasoro yake. Katika safu ya tatu kwa nne, katoni 10 zinaonekana kutoka pembeni na mbili za katikati hazionekani. Safu ya juu inaonekana yote, lakini safu nne za chini zinaficha katoni mbili mbili, ambazo ni nane kwa paleti moja. Kwa hiyo mtu anayepokea paleti iliyofungwa hajapokea katoni 60. Amepokea paleti moja inayodaiwa kuwa na katoni 60, na hivyo ndivyo anavyopaswa kuandika kwenye hati ya mzigo kabla ya kuweka sahihi. Dereva alikuwa na haraka ya kwenda kushusha kwingine, na hatukuwa na nafasi ya kufungua paleti zote mbele yake. Niliandika kwa kalamu, juu ya sahihi yangu: "Paleti 4 zimepokelewa zikiwa zimefungwa. Idadi ya katoni haijahakikiwa. Paleti ya 2 ina unyevunyevu kwenye katoni za chini, na ya 3 ina kona mbili zilizobonyea." Dereva akasoma, akaweka sahihi yake chini ya maneno hayo, na nikapiga picha hati yote kabla hajaondoka.

Watu wengi huandika tu kwamba mzigo umepokelewa bila kukaguliwa, wakiamini maneno hayo yanawalinda kwa kila kitu. Yanasaidia kidogo, lakini hayasemi chochote kuhusu kile ambacho jicho lingeweza kuona palepale. Unyevunyevu ulionekana, na kona zilionekana. Nisingeviandika, msambazaji angekuwa na haki ya kuuliza kwa nini mtu aliyeona katoni zimelowa alisaini bila kusema neno.

Tulianza kufungua saa moja baadaye, watu wawili, mmoja akifungua na mwingine akiandika na kupiga picha. Paleti ya kwanza, ya pili na ya tatu zilikuwa na katoni 60 kila moja. Kwenye ya nne, kabla hata hatujakata nailoni, mwenzangu aliona katoni mbili za kati za safu ya juu zimezama kwa kiasi cha upana wa kidole. Tulikata nailoni, tukaondoa safu ya juu, na chini ya karatasi kulikuwa na shimo katikati, na vivyo hivyo chini ya kila karatasi iliyofuata hadi kwenye mbao za paleti. Katoni mbili za katikati hazikuwepo katika kila moja ya zile safu nne. Tulipiga picha safu baada ya safu, shimo likionekana kila mara, na pia nailoni tuliyoikata, kwa sababu nailoni hiyo ndiyo iliyokuwa ushahidi mkubwa kuliko yote. Ilikuwa nzima, imezungushwa mara moja tangu chini hadi juu, haina mahali ilipokatwa na kuungwa, na haikuwa na tabaka la pili lenye rangi au unene tofauti. Kama paleti imefika na nailoni yake ya awali, upungufu haukutokea njiani. Ulitokea wakati wa kupanga, kwenye ghala la msambazaji. Sikujua kama ni kosa la mpangaji au jambo jingine, na barua haikuhitaji nijue. Ilihitaji tu kusema nilichokiona kwa namna ambayo msambazaji mwenyewe angefika kwenye ghala lake kutafuta.

Baada ya upungufu tukaingia kwenye uharibifu, ambao unadai uvumilivu zaidi. Katoni zilizolowa zilikuwa tisa. Ningeweza kuandika katoni tisa zimeharibika na kuzikataa zote, na wapo wanaofanya hivyo kwa sababu ni rahisi. Lakini katoni si kipimo cha uharibifu pale ambapo kilichomo ndani ni vipande 12 vinavyojitegemea, na msambazaji anayetuma mtu kukagua akakuta nusu ya chupa ni nzima ataanza kutilia shaka hata yale uliyoyasema kweli. Tulifungua zote tisa, chupa 108, tukaziweka mezani na kuzigawa katika mafungu matatu. Chupa 31 zilikuwa zimevuja. Chupa 14 hazikuvuja, lakini lebo zake zililowa sabuni ya jirani zake hadi zikachanika, kwa hiyo zisingeweza kuuzwa kama bidhaa nzima. Chupa 63 zilikuwa safi, na hizo tulizipokea.

Kisha tukauliza zile 31 zimevujaje, kwa sababu jibu ndilo linaloamua nani anawajibika. Kati yake 27 zilitoka kwenye katoni saba za paleti ya pili, zote zenye namba moja ya bechi. Chupa hizo hazikuwa na ufa hata mmoja, na katoni zake hazikuwa zimebonyea; doa la unyevu lilianzia ndani, likiwa limekolea karibu na shingo ya chupa na kufifia kadiri linavyoelekea nje. Nilishika kifuniko cha mojawapo kwa vidole viwili nikakizungusha, kikageuka bila kugoma. Chupa ambayo kifuniko chake kimekazwa vizuri na mashine haikubali hivyo. Unaikamata kwa kiganja kizima ndipo inapoachia. Zile nne zilizobaki zilitoka kwenye katoni mbili za paleti ya tatu, zilizokuwa na kona zilizobonyea kwa ndani, na chupa zilizokuwa kwenye kona hizo zilipasuka kwenye kitako. Hiyo ni alama ya kuangushwa au kugongwa. Kuna alama ya tatu ambayo hatukuikuta lakini inafaa kuitafuta kila mara: katoni zote za safu ya chini zikilowa kutokea nje, bila chupa yoyote kuvuja, basi maji yaliingia kwenye sakafu ya gari, na hilo ni suala la msafirishaji, si la kiwanda.

Kwa kuwa vifuniko vilivyolegea vilikuwa vya bechi moja, tulifungua katoni nyingine tatu za bechi ileile ambazo zilikuwa kavu. Vifuniko vyote vilikuwa vimekaza. Lakini katoni moja kati ya hizo tatu ilikuwa na chupa 11. Gundi ya katoni ilikuwa ya awali, hapakuwa na unyevu, na nafasi ya chupa ya 12 ilikuwa tupu na safi. Sasa kila katoni ambayo hatujaifungua ikawa na swali. Kufungua katoni 220 zilizobaki kungeharibu vifungashio, hivyo tulitumia mizani. Chupa moja ya lita moja ikikosekana, uzito wa katoni unapungua kwa zaidi ya kilo moja, na tofauti hiyo haiwezi kufichwa na uzito wa karatasi au gundi. Tulizipima zote, na hakuna nyingine iliyokuwa pungufu.

Mwisho wa siku hesabu ilikuwa hivi. Kwenye oda na kwenye hati ya mzigo kulikuwa na chupa 2,880. Katoni nane ambazo hazikufika ni chupa 96, na chupa moja ilikosekana ndani ya katoni. Chupa 45 zilifika lakini hatukuzikubali. Tulizozikubali zilikuwa 2,738, na namba hiyo ndiyo iliyoingia kwenye hati yetu ya kupokelea bidhaa kama idadi iliyokubaliwa, ikiwa pembeni ya idadi iliyofika, ambayo ilikuwa 2,783. Nasisitiza namba hizi mbili zisichanganywe. Ukiandika 2,738 peke yake, zile 45 zilizoko stoo kwako zinapotea kwenye karatasi, na siku msambazaji atakapozitaka arudishiwe hutakuwa na mahali ulipozionyesha.

Kabla ya kuandika barua nililazimika kuamua ninaomba nini, na hapa ndipo kosa langu la zamani lilipokuwa. Katoni nane kamili tulizihitaji, na msambazaji alikuwa na mzigo mwingine wa kutuletea wiki iliyofuata, kwa hiyo kuzipatia nafasi kwenye gari lilelile hakukuwa na gharama kubwa. Chupa 46 zilizobaki, yaani 45 zilizokataliwa na moja iliyokosekana, hazikufika hata katoni nne. Kuzifungasha, kuziandikia hati na kuzishusha kungekula thamani yake. Hizo niliziombea kupunguziwa deni. Uharibifu mdogo uliotawanyika hufaa kufutwa kwenye deni, na upungufu wa vifungashio vizima vya bidhaa unayoihitaji hufaa kuletewa. Ila ombi la kuletewa lazima liwe na tarehe ya mwisho, na liseme nini kitatokea tarehe hiyo ikipita, vinginevyo ankara itakaa wazi huku pande zote mbili zikingojana.

Barua niliyoituma asubuhi iliyofuata ilikuwa hii:

YAH: UPUNGUFU NA UHARIBIFU, ODA NA. 1184, HATI YA MZIGO NA. 5527, HATI YETU YA KUPOKELEA NA. 0316

Ndugu Meneja wa Mauzo,

Tunawajulisha kwamba mzigo wa sabuni ya maji ya lita moja uliotufikia jana kwa hati iliyotajwa hapo juu ulikaguliwa siku hiyohiyo. Kati ya chupa 2,880 zilizoandikwa, zilifika 2,783, na tumekubali 2,738.

Upungufu wa kwanza ni katoni 8 (chupa 96) kutoka paleti ya 4. Paleti ilifika ikiwa na nailoni yake ya awali isiyokatwa, na katoni mbili za katikati hazikuwepo kuanzia safu ya 1 hadi ya 4 kutoka chini. Picha namba 1 hadi 6 zinaonyesha nailoni na kila safu. Upungufu wa pili ni chupa 1 ndani ya katoni iliyofungwa ya bechi iliyotajwa kwenye kiambatisho, picha namba 7.

Chupa zilizokataliwa ni 45. Kati yake 27 zilivuja kwa sababu vifuniko havikukazwa, na zote ni za bechi hiyohiyo. 4 zilipasuka kwenye kitako ndani ya katoni mbili zilizobonyea kona. Na 14 zimeharibika lebo kwa kulowa. Unyevu na kona zilizobonyea viliandikwa kwenye hati ya mzigo mbele ya dereva, nakala imeambatishwa.

Tunaomba, kwanza, katoni 8 ziletwe pamoja na mzigo wenu wa wiki ijayo, kwa hati ya mzigo ya peke yake isiyo na malipo mapya na inayotaja ankara ya awali. Pili, mtoe hati ya kupunguza deni kwa chupa 46 dhidi ya ankara hiyohiyo. Endapo katoni 8 hazitakuwa zimefika kufikia mwisho wa wiki ijayo, tunaomba nazo ziingizwe kwenye hati ya kupunguza deni, na zisiletwe tena.

Chupa 45 tumezitenga na kuziwekea alama. Tutazihifadhi kwa siku 14 mkitaka kuzikagua au kuzichukua. Tafadhali tujulisheni mnavyotaka zifanyiwe. Tumezikagua katoni nyingine za bechi hiyo kwa kiasi tulichoweza, na endapo vifuniko zaidi vitaonekana kulegea tutawaarifu kwa maandishi.

Wenu katika kazi,
Msimamizi wa Stoo

Nakala: Idara ya Uhasibu ya pande zote mbili.

Mstari wa nakala ndio ninaoujali kuliko wengi wanavyodhani. Barua ikienda kwa mauzo peke yao, mhasibu wa msambazaji ataendelea kuona ankara ya chupa 2,880 na kutuma vikumbusho vya malipo. Ikienda kwa mhasibu peke yake, hakuna atakayepakia katoni nane. Na mhasibu wetu naye asipoiona, atalinganisha oda, hati ya kupokelea na ankara, akute hazilingani, na aidha azuie malipo yote au akate kiasi anachokadiria mwenyewe. Kukata malipo bila hati ya msambazaji kunaacha deni kwenye vitabu vyake, na pale panapotozwa kodi ya ongezeko la thamani kunaacha pia kodi ambayo haijarekebishwa, kwa kuwa ankara ya awali haifutwi wala kuchorwa. Inarekebishwa kwa hati inayoitaja.

Utaona pia kwamba barua haimlaumu mtu. Sikuandika kwamba mmetuibia, wala kwamba dereva wenu ni mzembe. Siyo adabu tu. Neno "mmetuibia" linahitaji nithibitishe nia, wakati "hazikuwepo, na nailoni ilikuwa nzima" linathibitishwa na picha. Mtu anayesoma barua ya namna hii hana cha kubishania ila namba, na namba amepewa.

Kuhusu muda, nilituma siku ya pili na sioni sababu ya kungoja zaidi, ingawa mkataba wetu uliruhusu siku tano. Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu mauzo ya kimataifa ya bidhaa, uliopitishwa Vienna mwaka 1980, unasema katika kifungu cha 39 kwamba mnunuzi anapoteza haki ya kudai kasoro asipomjulisha muuzaji ndani ya muda wa kuridhisha, na taarifa hiyo lazima ieleze aina ya kasoro. Yaani kusema tu kwamba mzigo una matatizo hakutoshi hata pale unapowahi. Kwa mizigo ya baharini Kanuni za The Hague za mwaka 1924 ni kali zaidi: uharibifu usioonekana kwa nje unatakiwa kuandikwa kwa msafirishaji ndani ya siku tatu tangu kukabidhiwa, la sivyo inachukuliwa mwanzoni kwamba mzigo ulifika kama ulivyoelezwa, na kazi ya kuthibitisha kinyume inakuangukia wewe. Soma mkataba wako kwanza, na uangalie hasa hatari ya mzigo ilihamia kwako wapi. Kama gari ni lako na ulichukua mzigo mlangoni kwa msambazaji, zile chupa nne zilizopasuka kitako huenda ni zako, wakati zile 27 za vifuniko vilivyolegea bado ni zake. Ndiyo maana nilizitenganisha, ingawa safari hii usafiri ulikuwa wa msambazaji.

Jibu lilikuja siku hiyohiyo mchana, likiwa na swali moja tu: namba ya bechi imesomwa kutoka kwenye katoni au kwenye chupa? Lilikuwa swali zuri, kwa sababu katoni zinaweza kutumika tena na bechi iliyoandikwa nje isiwe ya kilichomo. Nilirudi kwenye chupa zilizotengwa, nikasoma namba zilizopigwa mhuri karibu na shingo, nikapiga picha tatu na kuzituma. Zilikuwa bechi ileile. Tangu siku hiyo naandika namba zote mbili.

Katoni nane zilifika na mzigo wa wiki iliyofuata, zikiwa na hati yake ya peke yake. Tulizifungua mbele ya dereva, tukazihesabu chupa 96, na nikazifungulia hati mpya ya kupokelea badala ya kurudi kuisahihisha ile ya kwanza, kwa sababu hati ya kwanza inasema kilichotokea siku ya kwanza na inapaswa kubaki ikisema hivyo. Hati ya kupunguza deni ya chupa 46 ilikuja siku mbili baadaye. Mhasibu wetu alijumlisha 2,738 na 96, akapata 2,834. Akachukua 2,880 za ankara, akatoa 46, akapata 2,834, na akapitisha malipo. Chupa 45 zilikaa kwenye kona yake zikiwa na karatasi nyekundu hadi msambazaji alipoandika kwamba zimwagwe, na barua yake hiyo niliibana nyuma ya hati namba 0316.